Kumbukumbu za Nani?

Miongoni mwetu sisi tunaotafsiri nyaraka za kisheria kuna msemo ambao wageni katika kazi hii huupokea kama kanuni: mkataba hautafsiriwi, unahamishwa. Wenye msemo huu wanataka kila neno la Kiingereza lipate neno lake moja la Kiswahili, kila sentensi ipate sentensi yake, na kifungu kisirefuke hata kidogo. Kufafanua, wanasema, ni kazi ya wakili, na mtafsiri anayefafanua ameingia shamba lisilo lake. Ukiwabana sana hutoa hoja wanayoiona ya mwisho: hata Kiswahili kikikosewa hapana neno, kwa sababu mwishoni mwa mkataba kuna kifungu kinachosema kwamba nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa.

Naupinga msemo huu, na nitaupinga mahali unapoumiza zaidi, yaani katika mkataba wa kutunza siri. Katika mikataba mingine neno lililokosewa huonekana: bei haipatani, tarehe haipatani, mzigo haufiki. Katika mkataba wa siri neno lililokosewa linaweza kukaa kimya mpaka siku siri inapotumika na mtu mwingine, na siku hiyo siri haipo tena.

Mkataba ulionifikisha kwenye msimamo huu uliletwa kwangu na kijana mmoja wa Tanga kwa niaba ya mama yake. Mama huyo anatengeneza achari ya embe. Ana wafanyakazi sita, ua wenye jua la kutosha, na wateja mpaka Dar es Salaam na Mombasa. Kampuni ya kusindika vyakula, ambayo sitaitaja, ilitaka kuingia naye biashara: yeye atengeneze, wao wafungashe na kusambaza. Kabla ya hapo walitaka mtaalamu wao wa vyakula aje siku mbili jikoni kwake aone kazi inavyofanyika. Wakamletea mkataba wa kurasa tano kwa Kiingereza pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Mama alisoma ile tafsiri mara tatu, akaridhika nayo isipokuwa kifungu kimoja kilichomtatiza, ndipo akamwambia mwanawe amtafute mtu wa kumweleza.

Nilikwenda mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miwani usoni, karatasi amezipanga kwa kurasa. Akaniwekea kidole kwenye kifungu cha tisa. Tafsiri ilisema hivi: "Mpokeaji Taarifa atakuwa huru kutumia kwa madhumuni yoyote taarifa za masalia zilizobaki katika kumbukumbu zisizosaidiwa za wafanyakazi wake waliofikia Taarifa za Siri."

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa si wanasema karatasi zitakazobaki kwenye mafaili yao hawatazirudisha?"

Nikamuuliza yeye ameelewa vipi. Akasema ameelewa hivyo hivyo, na hana wasiwasi, kwa sababu karatasi hatawapa hata moja. Vipimo vyake havijaandikwa popote. Kilichomtatiza ni lile neno "zisizosaidiwa" tu. Alidhani huenda linahusu msaada wa fedha.

Hapo ndipo nilipoona madhara ya kuhamisha maneno. Kila neno katika kifungu kile lilikuwa na asili yake katika Kiingereza. Mtafsiri wa kwanza hakuruka kitu wala hakuongeza kitu. Kwa kipimo cha wenye msemo, kazi ilikuwa safi. Lakini mama aliyekuwa karibu kutia saini alikuwa ameelewa kinyume kabisa cha kilichoandikwa, na alikuwa ametulia kwa sababu ya kinyume hicho.

Tuangalie neno "kumbukumbu". Kwa Kiswahili chetu cha kila siku neno hili lina nyumba mbili. Kuna kumbukumbu ya kichwani, ile ambayo mzee husema imeanza kumpotea. Halafu kuna kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za ofisi, kumbukumbu namba iliyopigwa juu ya barua. Hizo ni maandishi. Weka neno hilo ndani ya mkataba, karibu na "taarifa" na "zilizobaki" na "wafanyakazi", na msomaji wa Kiswahili atakwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya pili, maana mkataba ni jambo la ofisi na ofisi ina mafaili. Ongeza "masalia", ambalo kwetu ni kile kinachosazwa baada ya kingine kwisha, na picha inakamilika: vikaratasi vilivyosalia kabatini.

Kifungu cha Kiingereza kilikuwa kinasema jambo jingine. Kifungu cha namna hii kimezoeleka sana katika mikataba ya kampuni za teknolojia, na kutoka huko kimesambaa kwenye biashara nyingine. Kinasema kwamba mtu wa upande unaopokea siri, akiisha kuiona, hawezi kuifuta kichwani. Basi kile atakachobaki nacho kichwani, bila kutazama maandishi wala chombo chochote, kampuni yake itakuwa huru kukitumia. Kampuni kubwa hupenda kifungu hiki kwa sababu inayoeleweka: wahandisi wao wanaonyeshwa mambo ya watu wengi, na hawataki kila wazo litakalowajia kesho lidaiwe kuwa limeibwa kwa fulani. Kwa kampuni kama hiyo ni kinga.

Sasa kipeleke kifungu hicho kwenye jiko la Tanga. Siri ya mama yule ina nini ndani yake? Ina vipimo vinne, muda wa aina mbili, na mpangilio wa hatua. Kipi kinaingia kabla ya kipi. Sitavitaja hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mwenye akili timamu akisimama pale asubuhi moja ataondoka navyo vyote kichwani, hata kama simu aliiacha getini na kalamu hakuishika. Siri yote ya mama huyo inaenea ndani ya kichwa. Kwa hiyo kifungu cha tisa, kikisemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kilikuwa kinasema kwamba kila atakachokikumbuka mtaalamu wao ni halali kwa kampuni yao. Vifungu vinane vya mwanzo vilikuwa vinaifunga siri, na cha tisa kilikuwa kinaufungua mlango wa nyuma. Yeye alikuwa anaulinda ule wa mbele kwa kutotoa karatasi.

Wenye msemo wataniambia kwamba hilo ni suala la sheria, na wakili wake angemweleza. Kwanza, hakuwa na wakili, na wanaofanana naye ni wengi. Pili, hata wakili hawezi kueleza kifungu asichojua kwamba mteja wake amekisoma kombo. Tatu, na hili ndilo zito, mtafsiri hawezi kujua neno lipi aliweke bila kujua sheria inafanya nini mahali hapo. Anayesema hahitaji kujua sheria ameshachagua maana moja kwa kubahatisha.

Hebu tuone sheria inafanya nini. Kuna kesi ya Uingereza ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi zetu huisoma, ya Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya huko mwaka 1986. Fowler alikuwa meneja wa mauzo wa kampuni iliyouza kuku kwa magari yenye majokofu. Akaacha kazi, akaanzisha biashara kama hiyo hiyo, na wafanyakazi kadhaa wakamfuata. Kampuni ikadai kwamba anatumia siri zake: majina ya wateja, njia za magari, bei. Ikashindwa. Mahakama iliona kwamba mambo hayo hayakufikia kiwango cha siri ya biashara, na mfanyakazi aliyeondoka hazuiwi kutumia ujuzi na uzoefu alioupata kazini. Lakini katika kesi hiyo hiyo jaji wa kwanza, Goulding, alitenga kundi la siri ambazo ni nzito kiasi kwamba mtu hana ruhusa ya kuzitumia hata kama kazi ilimlazimu kuzijua kwa moyo.

Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Tanzania. Sheria yetu ilipokea sheria za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na yaliyoamuliwa baadaye huko ni ya kushawishi tu. Bado yanatuonyesha kifungu cha tisa kinakata nini. Bila kifungu hicho, mama angeweza kusimama mahakamani na kusema: vipimo vyangu ni siri ya biashara, na kuvijua kwa moyo hakumpi mtu haki ya kuvitumia. Akikubali kifungu hicho, hoja hiyo ameitoa mwenyewe kwa mkono wake. Kumbe hayo yanayoitwa "masalia" ndiyo mali yenyewe.

Nilimwandikia kifungu upya, nikimuonyesha maneno yao kwa uaminifu bila kuyapunguza makali wala kuyaongeza: "Mtu yeyote wa upande wa Mpokea Siri aliyeonyeshwa Siri akibaki anaikumbuka kichwani, bila kutazama maandishi, picha, sampuli wala chombo chochote, Mpokea Siri ataruhusiwa kuyatumia anayoyakumbuka mtu huyo kwa jambo lolote." Kina maneno mengi kuliko kile cha kwanza. Kimevunja kanuni ya urefu. Mama alikisoma mara moja, akavua miwani, akasema: "Basi hapa wanataka waje watazame tu, wakapike kwao."

Kuna mpaka ambao sikuuvuka, na nautaja kwa sababu wapinzani wangu hudai kwamba mtafsiri anayefafanua ataanza kupendelea upande mmoja. Kiingereza cha kifungu kile hakikusema lolote kuhusu mtu anayekariri kwa makusudi. Mikataba mingine huweka wazi kwamba anayeyashika mambo kichwani kwa nia ya kwenda kuyatumia hapati kinga hiyo. Huu haukusema. Ningeweza kupenyeza maneno mawili, "bila kukusudia", na mama angelindwa kidogo. Huo ungekuwa udanganyifu. Pengo la Kiingereza nililiacha wazi katika Kiswahili, nikaandika pembeni kwamba hapa mkataba hausemi, na nikamshauri wauulize upande wa pili. Kufafanua maana iliyopo na kutunga maana isiyokuwepo ni kazi mbili tofauti, na mtafsiri anayeijua kazi yake hazichanganyi.

Kabla ya kufika kwenye kifungu cha tisa, tafsiri ilikuwa imeshajikwaa kwenye majina ya wahusika. Anayetoa siri aliitwa "Mtoa Taarifa". Tunayo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na humo mtoa taarifa ni mtu anayepeleka habari za uovu kwa vyombo vinavyohusika. Jina hilo limekwisha kuchukuliwa. Nimeona wengine wakiandika "Mfichuaji", ambalo lina harufu ile ile ya kuanika maovu, na wengine "Mtoa Siri", ambalo kwa Kiswahili ni yule hasa ambaye mkataba unamkataza: anayetoa siri za watu nje. Mimi huandika "Mwenye Siri" na "Mpokea Siri". Majina haya hayachanganyikani kwa macho wala kwa masikio, na msomaji akifika ukurasa wa nne bado anajua nani ni nani.

Neno "taarifa" lenyewe lina mtego mkubwa zaidi. Ni habari anazopewa mtu. Ni ripoti. Na ni ile arifa ambayo upande mmoja hupelekea mwingine kabla ya kuchukua hatua. Mkataba ule ulilitumia kwa maana zote tatu. Kifungu kimoja kilisema Mpokeaji "hatatoa taarifa bila idhini ya maandishi", kingine kikasema akilazimishwa na mahakama "atatoa taarifa mara moja". Ukikisoma hiki cha pili bila Kiingereza chake, kinaruhusu siri itolewe mara moja mahakama inapoamuru. Kiingereza kilitaka kinyume chake: mpokea siri ampelekee kwanza mwenye siri arifa, ili apate nafasi ya kwenda kupinga amri hiyo kabla siri haijatoka. Dawa yake ni nyepesi. "Notisi" iwe ya arifa, "ripoti" iwe ya ripoti, na neno "taarifa" libaki na kazi moja tu katika mkataba mzima. Wenye msemo husifu uthabiti wa istilahi, na mimi nausifu pia, lakini uthabiti wa kweli ni wa maana. Neno moja lililobeba maana tatu halina uthabiti wowote, hata likirudiwa mara mia.

Wengine hukwepa neno "siri" kwa kuona kwamba linanuka mhuri wa serikali, wakaandika "taarifa za faragha". Hapo huhamia kwenye eneo la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohusu habari za mtu kama mtu: jina lake, afya yake, makazi yake. Vipimo vya achari havina faragha; vina thamani ya kibiashara. Neno "siri" libaki. Kinachohitajika ni fasili inayoeleza kwamba siri haitokani na mhuri. Katika kesi ya Coco dhidi ya Clark, iliyohusu injini ya pikipiki ndogo na kuamuliwa Uingereza mwaka 1968, Jaji Megarry alidai mambo matatu: habari zenyewe ziwe na sifa ya siri, zitolewe katika hali inayomfanya anayezipokea ajue kwamba ameaminiwa, na zitumike bila ruhusa kwa madhara ya aliyezitoa. Ile hali ya kuaminiwa Kiswahili kinaijua vizuri mno. Mtu akikwambia jambo chemba, huhitaji mhuri ili ujue umewekewa amana. Kwa hiyo kama Kiingereza cha mkataba kinajumuisha yaliyosemwa kwa mdomo na yaliyoonekana kwa macho, Kiswahili kiseme hivyo waziwazi. "Taarifa za siri kwa namna yoyote" haimwambii mama kwamba kusimama tu jikoni kwake na kutazama kumo ndani.

Nije kwenye kifungu cha kumi na moja, cha hatua anazoweza kuchukua mwenye siri ikivuja. Tafsiri ilikiita "Masuluhisho". Mtu wa kwetu akisikia suluhisho au suluhu anafikiria wazee wamekaa, pande mbili zimepeana mkono. Kifungu hakikuhusu kupatana. Kilihusu nini mahakama inaweza kuamuru. Mahakama zetu zina neno lake, "nafuu", na katika hati za madai utakuta mdai akiomba nafuu zifuatazo. Lakini mtafsiri yule, alipofika katikati ya kifungu, alibadilika akaandika hivi: "Pande zote zinakubali kwamba uharibifu hautakuwa suluhisho la kutosha, na kwamba Mtoa Taarifa atakuwa na haki ya kupata unafuu wa usawa bila taarifa."

Soma tena sentensi hiyo kama alivyoisoma mama. Uharibifu hautakuwa suluhisho. Nani alisema uharibifu ni suluhisho? Neno la Kiingereza pale lilikuwa na maana ya fidia, lakini kwa Kiingereza neno la fidia linafanana sana na la uharibifu, na mtafsiri alichukua la kwanza alilokutana nalo kwenye kamusi. "Unafuu wa usawa" mama alidhani ni kuuziana bei nafuu iliyo sawa kwa wote. Na "bila taarifa" ni ule mtego wetu wa zamani.

Kazi ya kifungu hiki ni nini hasa? Mtu akivunja mkataba, jibu la kawaida la sheria ni pesa. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara aliyopata. Ila kwa siri, pesa mara nyingi huja zikiwa zimechelewa, kwa hiyo mwenye siri anataka mahakama iingilie mapema na kumwambia yule mwingine asimame. Hiyo ndiyo amri ya zuio. Kwetu mtu anayeomba zuio la muda hupimwa kwa vigezo vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, na kimojawapo ni kwamba bila zuio atapata hasara ambayo baadaye haitaweza kufidiwa. Kenya wana kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, yenye kigezo kama hicho. Sasa utaona kwa nini mkataba unasema fidia haitatosha: unamwandalia mwenye siri njia ya kukifikia kigezo hicho. Na utaona kwa nini "madhara yasiyorekebishika", tafsiri inayopendwa na wengi, haifai sana. Kirekebishwacho ni gari. Sheria inauliza jambo moja mahususi, kama hasara ile inaweza kulipika kwa fedha. "Hasara ambayo fedha haiwezi kuifidia" ni ndefu zaidi, na ndiyo swali ambalo hakimu atauliza.

Kuna tofauti nyingine ndogo iliyopotea. Kiingereza kilisema mwenye siri ana haki ya kuomba zuio. Tafsiri ikasema ana haki ya kulipata. Mkataba wa watu wawili hauwezi kuiamrisha mahakama. Mahakama itasikiliza na kupima. Mama akiamini kwamba zuio limeshahakikishwa, atalegeza ulinzi wa jikoni kwake akidhani karatasi inamlinda. Vivyo hivyo kwa ile notisi: mkataba unaweza kusema kwamba hana haja ya kumpelekea mwenzake notisi kabla ya kwenda mahakamani, lakini kama mahakama itamsikiliza peke yake au itamwita na yule mwingine, hilo ni la mahakama.

Nikaandika: "Pande zote zinakubali kwamba Siri ikivuja, huenda Mwenye Siri akapata hasara ambayo fedha haiwezi kuifidia. Kwa hiyo ana haki ya kuiomba mahakama itoe amri ya kumzuia Mpokea Siri asiitumie wala asiitoe, na kabla ya kwenda mahakamani halazimiki kumpelekea notisi. Kuomba amri hiyo hakumzuii kudai pia fidia." Sentensi ya mwisho ilikuwa, katika tafsiri ya kwanza, "masuluhisho haya ni limbikizi". Sijui nani kati ya wasomaji wa mkataba huo angeijua maana yake.

Inabaki ile hoja ya nakala ya Kiingereza kufuatwa. Ina nguvu, na siwezi kuipuuza: pande mbili zikikubaliana hivyo, mahakama itaanza na Kiingereza. Lakini Sheria yetu ya Mikataba inasema watu wamekubaliana pale wanapokubali jambo lile lile kwa maana ile ile. Mtu aliyepewa Kiswahili akisome, akakisoma, akatia saini kwa maana iliyomo humo, ana swali halali la kuuliza: nilikubali nini? Kampuni inayotegemea kifungu cha lugha ili kuficha tafsiri mbovu inajitengenezea kesi. Tena tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama za Tanzania, na Kiingereza kina nafasi yake kwa sababu maalumu. Sheria hiyo hailazimishi mikataba iandikwe kwa Kiswahili. Lakini shauri likifika mbele ya hakimu, maneno kama kumbukumbu, notisi, fidia na zuio yatajadiliwa kwa Kiswahili. Kuna aibu gani zaidi ya mtafsiri kusikia kifungu chake kikisomwa kwa sauti mahakamani, na watu wote chumbani wakaelewa makabati?

Tangu mkataba ule nina utaratibu mmoja ambao siuachi. Nikimaliza tafsiri ya mkataba wa siri, nakala ya Kiingereza naiweka kando, kisha namsomea Kiswahili mtu asiyehusika na kazi yangu, mara nyingi jirani mwenye duka. Namuuliza mambo matatu tu. Baada ya mkataba kwisha, nani anabaki na nini? Siri ikivuja, mwenye siri anafanya nini kesho asubuhi? Kuna chochote hapa ambacho unaruhusiwa kukitumia bila kuomba? Jibu lake likitofautiana na Kiingereza, kosa ni langu, na narudi mezani. Halafu namwandikia wakili, kama yupo, karatasi moja ya mahali nilipochagua maana na sababu yake, ili akague yeye mwenye taaluma hiyo.

Mama wa Tanga hakukikataa kifungu cha tisa chote. Alimtuma mwanawe aiambie kampuni kwamba atakikubali kikiwekewa mstari mmoja: vipimo, mpangilio wa hatua na majina ya wanaomuuzia embe na viungo havimo katika yale wanayoruhusiwa kuyatumia kwa kuyakumbuka. Baada ya wiki tatu walikubali, na mstari huo ukaingizwa katika lugha zote mbili. Mtaalamu wao alikuja, akatazama siku mbili, akaondoka.

Kwenu watafsiri wenzangu ninalo ombi moja. Leo fungueni mkataba wa siri wa mwisho mliotafsiri, tafuteni neno "kumbukumbu", na msomeeni mtu asiyejua Kiingereza sentensi iliyomo. Akitaja mafaili, mpigieni simu mteja wenu kabla hajatia saini.